Ngoma inapigwa, mlio unakuja baadae: nilivyopatanisha sauti na picha kwenye hedifoni za Bluetooth

Nianze na aibu yangu. Mwaka huu tulifanya sendofu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mi ndo nlikua kwenye kamati upande wa video na picha, kwahiyo video ilipokuja kwenye flashi nikaona niikague kwanza kabla haijaenda kwa mama mkwe. Usiku, mtoto kalala, nikavaa hedifoni zangu za Bluetooth, laptopu mapajani, nikafungua faili. Mwanzo hotuba hotuba, sikuona kitu. Afu wakaingia watu wa matarumbeta. Yule jamaa wa ngoma kubwa anashusha fimbo, fimbo inagusa ngozi, inaanza kunyanyuka tena, ndo unasikia DUM. Kila pigo hivyohivyo. Nikarudisha nyuma kwenye hotuba sasa nikiwa na jicho la ubaya, nikaona kumbe hata baba mdogo anafunga mdomo na neno la mwisho bado linakuja.

Nikampigia fundi wa video saa hiyohiyo, saa nne usiku, nikamwambia bwana hela tumekulipa yote afu umetuletea sauti haiendani na picha. Hakukasirika. Akauliza swali moja tu, "Kaka, unasikilizia nini hapo?" Nikamwambia hedifoni. "Za waya?" Hapana, Bluetooth. Akasema, "Zima hizo, sikiliza kwa spika ya laptopu afu unipigie tena."

Nikazima. Nikarudisha pale kwenye matarumbeta. Fimbo na mlio, palepale, kitu kimoja. Sikumpigia, nilimtumia meseji tu ya kuomba radhi, kupiga nliona noma.

Sasa hicho alichonambia ndo kipimo cha kwanza na mi naona ukiruka hapo utahangaika bure. Kabla hujagusa setingi yoyote sikiliza kipande hichohicho kwa spika ya mashine yenyewe au waya. Kama kwa spika iko sawa na kwa Bluetooth inachelewa, faili halina kosa, ni safari ya sauti. Kama mbovu kote kote, hapo ni faili. Na kuna aina ya ubovu wa faili ambayo haya ntakayoeleza hayawezi kuutibu: ile ambayo mwanzo iko sawa, dakika ya kumi imeachana kidogo, saa zima likiisha sauti iko mbali kabisa. Hiyo inamaanisha picha na sauti zinakimbia kwa spidi tofauti, na ukisogeza sauti utapatanisha dakika moja tu, inayofuata wameshaachana tena. Bluetooth haifanyi hivyo. Bluetooth inachelewa kwa kiasi kilekile, dakika ya kwanza na dakika ya tisini.

Kwanini inachelewa? Sauti ikitoka kwenye pleya haipiti kama kwenye waya. Laptopu inaichukua, inaibana iwe ndogo (kodeki ya kawaida kabisa ambayo kila hedifoni inayo inaitwa SBC, afu kuna AAC, aptX na nyingine), inaifunga vipande vipande, inarusha hewani, na hedifoni ikipokea haipigi hapohapo, inaweka akiba kidogo kwanza. Hiyo akiba ndo inakula muda. Imewekwa makusudi kwasababu hewani vipande vingine vinapotea na inabidi virushwe upya, sasa kama hedifoni haina akiba utasikia sauti inakatika katika kila ukigeuza kichwa. Jumla ya hiyo safari kwenye hedifoni nyingi za kawaida inacheza kama milisekunde 150 mpaka 250, yani karibu robo ya sekunde. Picha yenyewe haina safari hiyo, inaenda moja kwa moja kwenye skrini, inafika mapema inamuacha mwenzake nyuma.

Robo sekunde unaweza kuona ni ndogo. Ila fikiria umesimama uwanjani na upande wa pili kuna fundi anagonga misumari kwenye bati, unaona nyundo imeshuka afu ndo mlio unafika. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo kuchelewa milisekunde 250 ni sawa na kumuangalia huyo fundi akiwa mita 85. Kwa mbali hivyo unakubali, ubongo unajua yuko mbali. Lakini baba mdogo yuko karibu amejaza skrini nzima, halafu sauti yake inakuja kama anaongea kutoka goli la pili! Ndo maana inakera.

Basi. Nikajua pleya inaweza kurekebisha maana nishawahi kuona sehemu ya kusogeza maandishi ya tafsiri, nikasema lazima na sauti ipo. Mi natumia VLC kwenye laptopu. Kitufe J na kitufe K kwenye kibodi, hizo ndo zenyewe, kila ukibonyeza inasogea milisekunde 50 na juu ya skrini inaandika mfano `Audio delay 50 ms`. Nikabonyeza K. Ikaandika 50. Nikabonyeza tena, 100, 150, 200. Ngoma ndo ikazidi kuwa mbali! Fimbo inashuka, inapanda, karibu ishuke tena ndo mlio unakuja.

Hapa watu wengi tunapotea na mi nilipotea kwasababu ya kusoma maneno. Ukiona "audio delay" unadhani ni sehemu ya kuiambia pleya "sauti yangu inachelewa milisekunde 200, nitolee." Sio. Ile namba ni amri, unaiambia icheleweshe sauti kwa kiasi hicho. Sauti yetu tayari imechelewa, tukiiongezea tunaua. Tunataka kinyume chake, namba ya hasi, kwahiyo kitufe ni J. Ukifungua menyu ya `Tools` afu `Track Synchronization` utakuta sehemu ya kuandika namba kwa sekunde, ukiweka hasi inakuandikia pembeni `(Hastened)`, yani imeharakishwa, ukiweka chanya inaandika `(Delayed)`.

Ila hilo neno kuharakishwa nalo lina utani ndani yake. Hakuna pleya inayoweza kuharakisha sauti iliyoko hewani, hedifoni itakaa na akiba yake ileile. Kinachofanyika ukweli ni kwamba picha inazuiliwa. Pleya imeshasoma faili, inajua sekunde inayokuja kuna nini, basi inatuma sauti kwanza na picha inaambiwa subiri hapo, milisekunde ulizoandika zikipita ndo unatoka, na muda huo sauti ndo inaingia sikioni. Pleya nyingine inaitwa mpv imeandika hivyo waziwazi kwenye maelezo yake, namba chanya inachelewesha sauti, namba hasi inachelewesha picha. Nilivyoelewa hili vitu vingi vikakaa sawa kichwani, mfano kwanini ukibonyeza J mara nyingi kwa haraka picha inaweza kuganda kidogo, ni pleya inajipanga upya. Usibonyeze tena kwa kudhani haijakubali, subiri sekunde mbili tatu ndo uhukumu.

Na ndo maana gemu haiponi kwa njia hii. Mtoto wa dada yangu aliniona nahangaika akaniletea simu yake, "Mjomba na mimi nirekebishie, napiga risasi mlio unakuja baadae." Nikamwambia mwanangu hiyo haiwezekani, filamu imeshaisha kutengenezwa kwahiyo mashine inaijua mbele, ila wewe kidole chako hujakibonyeza bado, itatuma vipi mlio wa risasi ambayo hujapiga? Nikampa waya.

Turudi. Nikarudisha K zangu mpaka sifuri, nikaanza J. -50, -100, -150, sasa ngoma inakaribia, -200 nikasema hapa hapa, -250 nikasema hapana labda hapa, afu nikarudi -200, nikasema hata -150 sio mbaya. Baada ya dakika kumi sikujua tena naona nini. Jicho linazoea, na ukishazoea kila kitu kinaonekana sawa.

Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta namba nzuri na kutafuta namba mbaya. Yani unashuka mpaka uone kwa uhakika kabisa kwamba sauti sasa IMETANGULIA, mlio unasikika fimbo bado iko juu. Kwangu ilikua -300. Afu unapanda kurudi mpaka uone kwa uhakika sauti IMECHELEWA, kwangu -100. Hapo huna shaka kwenye hizo mbili, na jibu liko katikati, kama -200. Ila usikate katikati kabisa, sogea kidogo upande wa hasi. Sababu ni kwamba sisi binadamu tunavumilia sauti kuchelewa kuliko sauti kutangulia, tumezaliwa kwenye dunia ambayo mlio siku zote unafika baada ya macho kuona, haijawahi kutokea radi ikanguruma kabla ya mmweko. Watu wa utangazaji wana mwongozo wa ITU wa mwaka 1998, unaitwa BT.1359, wameweka kwamba mtazamaji anaanza kugundua sauti ikitangulia kama milisekunde 45, lakini ikichelewa anakuja kugundua kwenye kama 125. Unaona tofauti hiyo? Kwahiyo ule upande wa kuchelewa jicho lako linakubembeleza, mpaka uone ubaya imeshakua mbaya sana, na ukichukua katikati unajikuta bado umebaki na uchelewaji kidogo. Hautakusumbua kwenye maongezi, ila kwenye ngoma na makofi utauona.

Mi sasa ni mtu wa kutotosheka, mke wangu anasema ni ugonjwa. Nikataka namba ya ukweli. Nikachukua kijiko na sufuria, nikajirekodi na simu nagonga mara tano, taratibu, kijiko kikionekana vizuri kikigusa sufuria. Klipu nikaiweka kwenye laptopu, VLC, namba iko sifuri, hedifoni zimewashwa. Afu nikachukua simu ya mke wangu nikairekodi skrini ya laptopu, na hedifoni moja nimeibandika kwenye tundu la maiki ya hiyo simu. Kwahiyo nina rekodi ambayo picha yake ni skrini na sauti yake ni ile inayotoka kwenye hedifoni, zote kwa pamoja.

Hiyo rekodi nikaifungua kwenye programu ya kuhariri video, yoyote ile inayokuonyesha mawimbi ya sauti chini ya picha. Unasogeza fremu moja moja mpaka kijiko kiguse sufuria, unaangalia wimbi linaruka wapi, unahesabu fremu zilizopo kati yake. Simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde kwahiyo kila fremu ni kama milisekunde 33. Mapigo matano, matatu yalitoka fremu 8, mawili nayo karibu 8.

Lakini usikimbilie kuzidisha. Simu iliyorekodi kijiko inaweza kuwa na kosa lake, na simu iliyorekodi skrini nayo ina lake. Nikarudia jambo zima na spika ya laptopu badala ya hedifoni, ambapo inatakiwa iwe sifuri. Haikua sifuri, ilikua fremu 1. Sasa hiyo moja ni ya vyombo vyangu vya kupimia, inatolewa. 8 toa 1 ni 7, mara 33 unapata kama 230. Nikafungua `Track Synchronization` nikaandika -0.230, nikapima tena, ikatoka fremu 1 kama kwenye spika. Ile ya kubonyeza bonyeza ilinifikisha -200, sikua mbali, na kama ningeishia pale kwa filamu ya kawaida nisingelalamika. Fremu moja ya filamu ni kama milisekunde 40, kugombania milisekunde 30 ni mambo ya watu kama mimi.

Kitu ambacho ningependa mtu anambie mapema ni kwamba hii -230 sio namba ya ile video, na wala sio namba ya hedifoni peke yake. Ni ya hedifoni hizi na laptopu hii zikiwa pamoja. Hedifoni zilezile kwenye simu yangu zinaonekana ziko sawa bila kugusa chochote, na hilo lilinichanganya siku mbili. Kumbe Bluetooth ina utaratibu ambao hedifoni inaweza kuripoti kwa mashine kwamba mimi nachelewa kiasi fulani, na kama mfumo wa simu unasikiliza hiyo ripoti na kuipitisha kwa pleya, pleya inazuia picha yenyewe kimyakimya. Ukienda hapo na -230 yako ya laptopu unarekebisha kitu ambacho kimesharekebishwa, sauti inatangulia. Kwahiyo kila ukibadili kifaa anza na sifuri, tazama, afu ndo uamue. Kwenye VLC ya simu ya Android ipo pia, video ikiwa inacheza gusa skrini, ingia kwenye alama ya sauti na maandishi, utaona `Audio delay`.

Na kuna siku nilikua na -230 yangu nzuri, ghafla sauti ikawa nyembamba kama ya simu ya mezani na mdomo hauendani tena. Nilikua nimeacha programu ya mikutano wazi nyuma, ikachukua maiki ya hedifoni. Hedifoni ikiombwa maiki inahama kwenda njia ya maongezi, ambayo sauti yake ni duni na uchelewaji wake ni mwingine kabisa. Kwahiyo ukiona namba yako imeacha kufanya kazi na sauti imekua mbovu kwa pamoja, usianze kubonyeza J, tafuta nani ameshika maiki. Funga hiyo programu, zima na uwashe hedifoni, namba inarudi.

Video za kwenye brauza sijazigusa hapa maana kule hamna J wala K ya kusogeza sauti, ukikuta inachelewa na una faili lenyewe lifungue kwenye pleya tu.

Sasa mwisho wa hadithi ya sendofu. Mama mkwe akaja Jumapili kuangalia video. Shikamoo mama, marahaba baba, karibu, soda, nikaunganisha laptopu kwenye tivii kwa waya. Nilikua nishachoka kuweka namba kila mara, kwasababu VLC ukiweka kwa J au kwenye lile dirisha inasahau ukifungua faili lingine, kwahiyo nikawa nimehamia kwenye mpv na nikaandika kwenye faili lake la setingi, `mpv.conf`, mstari mmoja:

```
audio-delay=-0.23
```

Nikasahau kabisa. Usiku uleule wa jana yake ilikua inacheza vizuri na hedifoni, sa mi nikajua mambo yameisha. Wakaingia matarumbeta, mama mkwe anatabasamu, afu nikaona anakunja uso, anasogea mbele kwenye kochi. "Baba Neema, mbona ngoma inalia kabla hajaipiga?"

Mke wangu akaniangalia tu. Nikamwambia mama subiri kidogo, nikashika Ctrl na alama ya kujumlisha, kwenye mpv hiyo inaongeza sekunde 0.1 kila ukibonyeza, mara mbili ikafika -0.03, hapo hamna binadamu anaona tofauti. Akaendelea kuangalia mpaka keki.

Usiku nikafuta ule mstari, nikaandika hivi:

```
[bt]
audio-delay=-0.23
```

Hayo mabano yanafanya iwe ni kundi lenye jina, haliamki mpaka uliite. Nikivaa hedifoni nafungua hivi:

```
mpv --profile=bt sendofu.mp4
```

Nikiwa na spika au tivii naandika `mpv sendofu.mp4` basi, inaanza na sifuri. Fundi wa video nikaja kumsimulia tulipokutana kwenye msiba mmoja, nikamwambia kwangu ni 230. Akacheka, akasema yeye hedifoni zake na mashine yake ya ofisini ni 180, ila kazi za wateja anasikilizia waya.